Ndizi Mbivu Katika Chumba cha Chaji

Siku ile mjinga alikuwa Jovitus mwenyewe, na hadi leo hakatai. Ukimkuta Bugene amekaa na wenzake, atakusimulia kabla hujauliza, maana amegundua kwamba ujinga ukiutangaza mwenyewe, wenzako wanakosa cha kukutangazia.

Jovitus alikuwa dereva wa foklifti, mashine ya kuinua mizigo, katika kiwanda cha kukoboa kahawa, mwendo mfupi kutoka Kayanga. Usidhani alizaliwa dereva. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpagazi. Gunia la kilo sitini mgongoni, ngazi ya mbao, juu ya lori, rudi chini, lingine. Mwaka wa kumi na tisa mgongo ulilia “ka!” kama kuni kavu, akalala miezi mitatu, na daktari wa hospitali ya Nyakahanga akamwambia kwa upole kwamba gunia jingine moja tu litamrudisha pale akiwa amebebwa yeye. Ilipoletwa foklifti ya umeme, ile ya rangi ya chungwa, Jovitus akawa wa kwanza kuomba kujifunza. Aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Aliifuta vumbi kila asubuhi, na wapagazi wenzake wakasema amepata mke wa pili asiyekula.

Lakini mashine hiyo ilikuwa imeletwa kwa majaribio tu, na meneja Placidius, mtu wa Muleba, mwenye miwani na subira fupi, hakuwa ameipenda sana. Mara mbili ilikuwa imezimika katikati ya kazi. Ya pili ilipotokea, alisema mbele ya watu wote: “Ikileta matata mara ya tatu, napiga simu Bukoba waje waichukue. Tunarudi kwenye migongo.” Wengine walisikia neno la kawaida la meneja. Jovitus alisikia lile “ka!”

Sasa, foklifti ya umeme haili dizeli, inakula chaji. Na mwenye chaji alikuwa Kemigisha, fundi umeme, binti wa Kyerwa aliyesoma chuo cha ufundi akarudi na maneno machache na macho mengi. Chumba cha chaji kilikuwa kibanda cha matofali pembeni ya ghala. Karibu na sakafu kilikuwa na matundu ya kuingiza hewa, na juu kabisa, chini ya kilele cha paa, matundu mengine ya kuitoa, pamoja na feni iliyovuta hewa nje. Mbele ya feni, upande wa nje, Kemigisha alikuwa amefunga utepe wa nailoni mwekundu. Feni ikizunguka, utepe unacheza. Ikisimama, unalala.

“Betri hii,” alimwambia Jovitus siku ya kwanza, “ikikaribia kujaa inaanza kuchemka, na ule mchemko unatoa gesi. Haidrojeni. Haina rangi, haina harufu, na ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo inapanda na kujikusanya darini. Katika hewa ya sehemu mia, ikifika sehemu nne tu, cheche moja inatosha. Feni isizimwe, matundu yasizibwe, moto usikaribie.”

“Haionekani wala hainuki,” alisema Jovitus. “Sasa wewe ulijuana nayo wapi?”

Watu walicheka. Kemigisha hakucheka. Alimwonyesha pia ngao ya uso, ya plastiki inayoonyesha ng’ambo, na aproni na glavu ndefu za mpira, na pipa la maji safi lenye bomba pale mlangoni, kwa sababu maji ya betri ni tindikali na hayana urafiki na jicho la mtu. Jovitus alivaa mara moja kumridhisha, akauliza mizinga iko wapi, maana amefanana na mrina asali. Tangu hapo alivaa akitazamwa tu.

Ikaja wiki ya mvua. Na wiki hiyohiyo, Jumamosi yake, wakwe walikuwa wanakuja kumposa Renatha, binti yake mkubwa. Huwezi kupokea wakwe Karagwe kwa soda. Lazima rubisi, pombe ya ndizi, na rubisi haipatikani mpaka ndizi zake, embiire, ziive sawasawa. Kwa kawaida unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unazipanga ndizi, unaziba vizuri joto lisitoke, na asubuhi ya pili unachoma majani makavu, unayazima moto yabaki yakifuka, unapuliza moshi ndani kupitia tundu dogo. Ndizi zinapata joto, zinatoka laini, tamu kama dhambi. Jovitus alichimba shimo lake Jumamosi iliyotangulia. Jumatatu asubuhi lilikuwa bwawa.

Aliziopoa ndizi akiwa analaani mawingu. Zilikuwa zimeanza kugeuka rangi, lakini baridi ilikuwa imezikamata zikagoma katikati. Akaenda kazini na mawazo. Na hapo shetani wa ujanja akamnong’oneza: pale kazini kuna chumba chenye joto, chenye mlango, chenye kufuli.

Mchana huo Kemigisha aliomba ruhusa, mama yake alikuwa na miadi ya kliniki. Kwa mara ya kwanza alimkabidhi Jovitus ufunguo. “Betri imetumika nusu tu,” alimwambia. “Chaji saa nne zinaitosha. Washa feni kwanza, ndipo uwashe chaja. Naweza kukuamini, Baba Renatha?”

“Binti, mimi nimeamini Mungu, meneja na wewe, sasa zamu yako kuniamini mimi.”

Jioni, kila mtu alipokwisha kuondoka, bodaboda alishusha mikungu saba. Jovitus aliining’iniza kwa kamba kwenye boriti, juu kabisa ya betri, mahali penye joto. Akatazama feni ikilifuta lile joto lote nje kama mke mkali anayefagia, akaizima. Akapanda ngazi, akaziba matundu ya juu kwa majani ya mgomba, akayashindilia na magunia. Ya chini akayaziba pia, isipokuwa moja, la moshi. Kisha akaitazama chaja. Ilikuwa ya zamani, yenye kitasa cha kuzungusha saa. Saa nne? Saa nne zingeleta joto gani? Akazungusha kitasa mpaka mwisho: kumi na mbili. Akaenda nyumbani akipiga mluzi, akijiona mtu wa kwanza katika wilaya nzima kuivisha ndizi kwa umeme.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Saa moja kasoro, Jovitus alikuja akipita kando ya uwanja wa kuanikia kahawa, mkononi amebeba kienge cha majani makavu, kimezimwa ndimi za moto, kinafuka vizuri, kaa lake jekundu likikonyeza. Moshi kidogo tu, kupitia lile tundu la chini. Hatua ishirini zilibaki.

“Baba Renatha! Simama hapohapo!”

Kemigisha alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, mkoba bado begani. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama utepe mwekundu. Umelala, umenyooka chini kama ulimi wa ng’ombe aliyechoka. Na juu yake, majani ya mgomba yakichungulia kwenye matundu.

“Shikamoo yangu iko wapi?” alisema Jovitus, akiinua kienge kumsalimia.

“Usije mbele. Rudi nyuma. Rudi, baba yangu, rudi! Hicho kitu kitie mtaroni. Huko mbali. Ndani ya maji.”

Sauti yake haikupanda. Hiyo ndiyo iliyomwogopesha Jovitus. Mtu anapokupigia kelele unajua ana hasira. Huyu hakuwa na hasira hata chembe. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye mtaro, akakizamisha kienge, kikalia “tsss.” Na katika ukimya uliofuata, akasikia kutoka kibandani chaja bado inaunguruma, na chini ya mngurumo huo, sauti nyingine ndogo, ya chungu kilichosahaulika jikoni.

“Uliweka saa ngapi?”

“Kumi na mbili.”

“Feni?”

Jovitus alitazama viatu vyake.

“Umezima,” alijijibu Kemigisha. “Sikiliza. Hakuna kugusa mlango. Hakuna kugusa swichi yoyote pale. Hata kuzima chaja kwa mkono kunarusha cheche. Hata kuwasha feni. Simu yako iache hapa.” Akatimua mbio, si kuelekea kibandani, bali ng’ambo ya uwanja, kwenye chumba cha swichi kuu. Punde, mitambo ya kukoboa iliyokuwa inaanza kupata moto ikashusha pumzi, taa zikazimika, kiwanda kizima kikanyamaza.

Placidius alitoka ofisini na kikombe mkononi. “Nani amezima kiwanda changu?”

“Mimi, Meneja,” alisema Kemigisha akihema. “Watu wote wakae nyuma ya ghala. Anayevuta sigara aizime. Chumba cha chaji kimejaa gesi.”

“Mbona sinusi kitu?”

Jovitus aliisikia ile hoja yake mwenyewe ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, ikamwonekea ya kipumbavu kuliko alivyowahi kuidhania.

“Ndiyo ubaya wake,” alisema kabla Kemigisha hajajibu.

Lilibaki jambo moja: kuifungulia njia. Gesi iko juu, basi juu ndiko pa kufungua kwanza. Kemigisha aliifuata ngazi ya mbao, si ile ya chuma, akaiegemeza ukutani kwa nje, polepole kama mtu anayelaza mtoto.

“Nipe mimi,” alisema Jovitus. “Mkono uliofunga ndio ufungue.”

“Vaa kwanza.”

“Binti, kwa majani ya mgomba?”

“Vaa.”

Safari hii hakuuliza habari za mizinga. Alivaa aproni, glavu, buti za mpira, akashusha ngao usoni. Alipanda. Akayavuta magunia, kisha majani, moja moja, akiyaachia yadondoke bila kukwaruza kitu. Tundu la kwanza. La pili. Hewa ya uvuguvugu ikampita usoni nyuma ya plastiki, chafu kidogo, yenye kuwasha koo, nao ulikuwa ukungu wa tindikali, kwa maana ile gesi yenyewe iliondoka kimya kama ilivyokuja, isiage mtu. Chini, Kemigisha alikuwa anafungua matundu ya sakafuni. Upepo wa asubuhi uliotoka vilimani ukaingia chini, ukatokea juu. Na ule utepe mwekundu, bila feni, bila umeme, ukatikisika. Ukalala. Ukatikisika tena, kisha ukaanza kucheza.

Wapagazi nyuma ya ghala walipiga makofi bila kuelewa vizuri wanampigia nani.

Walisubiri zaidi ya nusu saa. Placidius alitazama saa mara arobaini, maana malori matatu ya kwenda Dar yalikuwa tayari langoni. Ndipo Kemigisha akafungua mlango, akauacha wazi kabisa, wakangoja tena, kisha wakaingia wawili, umeme ukiwa bado umekatwa.

Betri ilikuwa imechemka mpaka ikatapika. Tindikali ilikuwa imefurika kupitia vifuniko, imetuama juu ya betri na kutengeneza kidimbwi sakafuni. Na juu ya hayo yote, mikungu saba ilining’inia, ya njano, imeiva, mizuri ajabu.

“Usiiguse,” alisema Kemigisha. “Tunasafisha kwanza. Na ujue ndizi hizo zimekula tindikali, si za pombe tena.”

Jovitus alisikia sehemu ya kwanza na ya pili kwa pamoja, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kutangulia. Wakwe wanakuja Jumamosi! Alishika kamba ya mkungu wa karibu auondoe tu, hivi, taratibu. Vidole vya glavu vikateleza. Mkungu ukaanguka puu! katikati ya kile kidimbwi juu ya betri.

Tindikali iliruka. Aliiona ikija, na hakupata hata muda wa kufumba. Ikampiga usoni moja kwa moja, pale pale yalipo macho, ikatapakaa, ikateremka mistari mistari mbele ya mboni zake, umbali wa vidole vinne, juu ya plastiki. Matone mengine yakapita juu ya glavu, yakamshika mkononi karibu na kiwiko. Yakauma kama siafu.

“Nje! Usijifute!”

Kemigisha alimburuta hadi kwenye pipa, akafungua bomba, akauweka mkono chini ya maji, kisha akakata mkono wa shati uliokuwa umelowa akautupa. “Dakika ishirini. Usiutoe.”

“Weka basi magadi, si mnasema yanaua makali?”

“Magadi ni ya sakafu. Ngozi ni maji tu, mengi. Kaa.”

Alikaa. Mtu aliyejigamba kwa miaka sasa alikuwa amekaa kwenye ndoo kama mtoto anayeogeshwa, na wapagazi wote wamekuja kutazama. Alivua ngao, akaitazama. Mistari yote ilikuwa mbele ya jicho la kulia na la kushoto, bila upendeleo. Akaigeuza geuza. Akaibusu upande wa ndani.

“Kumbe unajua kubusu,” alisema Kemigisha, na kwa mara ya kwanza tangu afahamiane naye alicheka.

Dakika ishirini zilipokwisha mkono ulikuwa na wekundu tu, si mkubwa kuliko tunda la kahawa. Kufikia wakati huo Kemigisha, naye amevaa kuanzia juu hadi chini, alikuwa amemwaga maji ya magadi sakafuni na juu ya betri, vifuniko vimebanwa, mpaka povu likakoma kuchemka. Akaosha tena kwa maji matupu. Betri ilipopoa alipima kila chumba kidogo ndani yake, akaongeza maji safi, yale yasiyo na tindikali, palipopungua, kiasi tu cha kufunika sahani. Alifanya hayo baada ya chaji, si kabla, kama alivyopenda kusisitiza, maana ukijaza kabla, mchemko utayafurisha. Mikungu saba ilizikwa nyuma ya kiwanda. Jovitus hakuhudhuria mazishi.

Betri ikarudishwa ndani ya mashine, na saa tano foklifti ilitoka ghalani.

Na ilitoka! Jovitus aliikalia kama mkama, mfalme wa kale, anayerudi kutoka vitani, mkono mmoja umefungwa kitambaa, honi ikilia pasipo sababu. Paleti baada ya paleti ya magunia ilipanda, lori la kwanza likajaa, la pili, la tatu, hata chai haikunywewa. Ilikuwa saa nane na nusu turubai la mwisho lilipofungwa, na dereva wa lori akauliza kama mashine hiyo inakodishwa. Haikuwa imesita mara moja. Wapagazi waliokuwa wakiiita mke wa pili walikuwa wanaisukumia magunia.

Lori la mwisho lilipotoka getini, Placidius akatoa simu. “Jambo hili tulimalize hapa hapa. Nilisema mara ya tatu.”

Jovitus alishuka. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa ameuliza ndizi ni za nani. Mgongo wake ulimshauri anyamaze. “Meneja,” alisema, “mashine haina kosa. Mimi nilizima feni. Mimi niliziba matundu kwa majani ya mgomba, nikazungusha saa kumi na mbili nipate joto la kuivisha ndizi za wakwe. Leo asubuhi nilikuwa nakuja na moto mkononi. Kama ni kuondoka, niondoke mimi. Hii ibaki.”

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

“Wewe nitakushughulikia,” alisema Placidius. “Wiki mbili kwenye ufagio, na ufunguo usiuguse. Lakini kitu kinachoweza kulipuka kwa sababu ya ndizi, nakiwekaje hapa?”

“Kwa waya mmoja, Meneja,” alisema Kemigisha. “Nitaifunga chaja na feni pamoja. Feni isipovuta, chaja haiwaki, hata aje nani. Chaja mpya inayojizima betri ikijaa. Matundu ya juu niyawekee wavu wa chuma, pasipite hata jani. Sisi ndio tuliokosea, na kosa linazibika.”

Hapo mzee Xaveri akasogea mbele. Huyu alikuwa kiongozi wa wapagazi, ameanza kubeba kabla Jovitus hajaoa, na tangu mashine ije hakuwa ameisalimia.

“Meneja, msidanganywe na binti wa chuo,” alisema. “Waya, feni, wavu, maji ya kuoshea macho! Sisi tumebeba kahawa ya wilaya hii kwa miaka thelathini. Hatukuhitaji feni. Hatukuhitaji kufunikwa nyuso. Niambie, nyote niambieni, nani amewahi kusikia mgongo wa mtu umelipuka?”

Wapagazi wakaguna, wengine wakatikisa vichwa kwa kukubali. Placidius alitazama simu yake. “Mzee ana hoja,” alisema. “Mwenye kuijibu aijibu sasa, vinginevyo napiga.”

Jovitus alimgeukia Kemigisha.

Upepo ukapita uwanjani. Ukaichukua kofia ya Xaveri, ukaiangusha miguuni pake. Mzee aliitazama. Aliusogeza mguu mmoja, akaisukuma kidogo kwa ncha ya ndara, akaacha. Akageuza shingo, akitafuta nani yuko karibu amwokotee.

Kemigisha alipiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa anavyomsalimia mkubwa wake, lakini mikono yake aliiweka nyuma.

“Shikamoo, babu. Ni kweli, haujawahi kulipuka,” alisema. “Basi inama uokote kofia yako.”